Sabneti ya umma au ya binafsi: jedwali la njia ndilo linaloamua

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimejenga mtandao kwenye AWS kwa mfumo wa tabaka tatu: wavuti, programu na hifadhidata. Nina sabneti mbili za umma na nne za binafsi katika kanda mbili. Lango la NAT nimeliweka kwenye sabneti ya programu ili liwe karibu na seva, lakini seva hazipakui masasisho ingawa lango linaonyesha `Available`. Nilipoielekeza njia kwenye lango la intaneti na kuzipa seva anwani za umma, zikapakua. Je, sabneti hizo bado ni za binafsi? Na majedwali ya njia yawe mangapi? Sasa hivi ninalo moja la umma na moja linalotumiwa na zote nne za binafsi.

Jibu: Hapana ndugu yangu, si za binafsi tena. Na kwa kuwa zote nne zinatumia jedwali moja, zile mbili za hifadhidata nazo ziligeuka kuwa za umma dakika ileile ulipobadilisha njia. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, fungua mipangilio ya hifadhidata uhakikishe `Publicly accessible` imewekwa `No`. Kisha tazama kundi lake la usalama. Ukikuta kanuni inayoruhusu `0.0.0.0/0` kwenye poti ya hifadhidata, iondoe sasa hivi. Hifadhidata isiyo na anwani ya umma haifikiki kutoka intaneti hata kama njia ipo, kwa hiyo huenda hakuna lililoharibika. Lakini kinga moja uliyodhani unayo haipo.

Sasa tuingie kwenye kiini. Ndani ya AWS hakuna swichi ya kuifanya sabneti iwe ya umma au ya binafsi. Jina ulilolipa ni lebo tu, halizuii wala haliruhusu chochote. Kinachoamua ni jedwali la njia lililounganishwa na sabneti hiyo. Kama njia ya `0.0.0.0/0`, yaani kila kituo ambacho hakijatajwa kwingine, inaelekea kwenye lango la intaneti, basi sabneti ni ya umma. Kama inaelekea kwenye lango la NAT, au haipo kabisa, ni ya binafsi.

Njia peke yake haitoshi kuifikisha seva nje, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Lango la intaneti hubadilisha anwani ya ndani ya seva kuwa anwani yake ya umma, moja kwa moja. Seva isiyo na anwani ya umma haina cha kubadilishiwa, hivyo pakiti yake hufika langoni na kuishia hapo. Ndiyo maana wewe ulilazimika kufanya mambo mawili kwa pamoja, njia na anwani, ndipo upakuaji ukakubali.

Kinyume chake kinashangaza zaidi. Chukua seva iliyoko kwenye sabneti ambayo njia yake inaelekea NAT, kisha uipe anwani ya umma. Ombi kutoka nje litafika kwenye seva kupitia lango la intaneti, na kama kundi la usalama linaruhusu, seva italipokea. Lakini jibu litafuata jedwali la njia na kwenda kwenye NAT, ambayo haina kumbukumbu yoyote ya mazungumzo hayo, na litatupwa. Aliyeko nje ataona muunganisho unaning'inia hadi muda uishe, huku kumbukumbu za mtiririko zikionyesha `ACCEPT` kwenye pakiti iliyoingia. Ukiona hali hiyo, usihangaike na kundi la usalama. Angalia njia ya kurudi.

Turudi kwenye NAT yako. Njia bora ya kuelewa kilichotokea ni kuifuata pakiti moja hatua kwa hatua, kwanza katika mtandao uliopangwa sawasawa. Tuseme seva ya programu ina anwani `10.20.18.40`, na inataka kupakua kifurushi kutoka `203.0.113.50` huko nje. Seva inaikabidhi pakiti kwa rauta ya sabneti yake. Rauta inatazama jedwali la sabneti ya programu, inakuta kwamba anwani hiyo si ya ndani ya mtandao, hivyo inachukua njia ya `0.0.0.0/0` na kuipeleka kwenye lango la NAT. Lango hilo liko kwenye sabneti ya umma na lina anwani ya ndani `10.20.0.77`. Linafuta anwani ya seva kwenye pakiti, linaandika yake, na kukumbuka limefanya hivyo kwa niaba ya nani.

Sasa NAT nayo inataka kuituma pakiti mbele. Itumie jedwali lipi? Itatumia jedwali la sabneti ambamo yenyewe inakaa. Hilo ndilo jambo la kushika katika suala lako lote. Kwa kuwa inakaa kwenye sabneti ya umma, jedwali linaielekeza kwenye lango la intaneti, na lango hilo linabadilisha `10.20.0.77` kuwa anwani ya umma uliyoitengea NAT, tuseme `198.51.100.20`. Jibu likirudi linapita njia ileile kinyumenyume: lango la intaneti linalifikisha kwa NAT, NAT inarejesha anwani ya seva, na njia ya ndani inalifikisha nyumbani.

Kwako wewe NAT ilikaa kwenye sabneti ya programu. Ilipotaka kutuma pakiti mbele ilitazama jedwali la sabneti hiyo, na jedwali likasema kila kitu cha nje kipelekwe kwenye NAT, yaani kwake yenyewe. Pakiti haikuwa na pa kwenda. Neno `Available` linakuambia kwamba lango limeundwa na liko hai, halikuambii kwamba lina njia ya kutokea. Ushahidi utaupata kwenye vipimo vya lango hilo katika CloudWatch. Linganisha `ConnectionAttemptCount` na `ConnectionEstablishedCount`: la kwanza likipanda huku la pili likibaki sifuri, maana yake seva zinajaribu na hakuna anayewajibu.

Ukaribu na seva haukusaidii chochote hapa. Kinachohitajika ni kanda moja na seva, si sabneti moja. Na lango la NAT la aina hii, linalowekwa ndani ya sabneti, halihamishiki. Unaunda jipya kwenye sabneti ya umma, unaelekeza njia kwake, kisha unafuta la zamani.

Sasa majedwali. Idadi yake hupatikana kwa swali moja: pakiti inayotoka nje iende wapi? Kila jibu tofauti linahitaji jedwali lake, na sabneti zenye jibu moja zinaweza kushiriki. Kwa mfumo wako majibu ni manne. Sabneti mbili za umma zinaelekea lango la intaneti, ambalo ni moja kwa mtandao mzima na halimo ndani ya kanda yoyote, hivyo zinashiriki jedwali moja. Sabneti ya programu katika kanda A inaelekea NAT ya kanda A. Ya kanda B inaelekea NAT ya kanda B. Sabneti za hifadhidata haziendi popote nje, hivyo zinashiriki jedwali lenye njia ya ndani peke yake.

Mimi ningeupanga hivi, ndani ya `10.20.0.0/16`:

```
umma-a   10.20.0.0/24    jedwali rt-umma
umma-b   10.20.1.0/24    jedwali rt-umma
data-a   10.20.8.0/24    jedwali rt-data
data-b   10.20.9.0/24    jedwali rt-data
prog-a   10.20.16.0/20   jedwali rt-prog-a
prog-b   10.20.32.0/20   jedwali rt-prog-b
```

Na ndani ya majedwali yenyewe:

```
rt-umma     10.20.0.0/16 -> local    0.0.0.0/0 -> igw
rt-prog-a   10.20.0.0/16 -> local    0.0.0.0/0 -> nat-a
rt-prog-b   10.20.0.0/16 -> local    0.0.0.0/0 -> nat-b
rt-data     10.20.0.0/16 -> local
```

Utaona sabneti za programu ni kubwa kuliko nyingine. Sababu ni kwamba seva za tabaka hilo ndizo huongezeka mzigo unapopanda, na siku ukihamia kwenye makontena kila kontena linaweza kudai anwani yake. AWS huchukua anwani tano katika kila sabneti, yaani nne za mwanzo na ya mwisho, hivyo `/24` inakuachia 251 na `/20` inakuachia 4,091. Sabneti za umma hazihitaji ukubwa huo, ingawa usizibane mno: kisawazisha mzigo cha aina ya Application Load Balancer kinataka sabneti isiyopungua `/27`, yenye anwani nane zilizo wazi, katika kanda mbili au zaidi. Mapengo niliyoacha katikati ni ya makusudi. Ukiongeza kanda ya tatu utatumia `10.20.2.0/24`, `10.20.10.0/24` na `10.20.48.0/20` bila kuvuruga mpangilio. Sabneti ikishaundwa ukubwa wake haubadiliki, kwa hiyo nafasi ya ziada unaiweka leo au unaikosa.

Huenda umeshangaa kwamba sikuweka sabneti za seva za wavuti. Kwenye sabneti za umma mimi huweka vitu viwili tu: kisawazisha mzigo na lango la NAT. Seva za wavuti zinakaa pamoja na seva za programu ndani ya `prog-a` na `prog-b`, kwa sababu njia zao za kutoka ni zilezile. Mtumiaji hazungumzi na seva ya wavuti, anazungumza na kisawazisha mzigo, nacho ndicho kinachopeleka ombi ndani kwa kutumia anwani za ndani. Seva ya wavuti yenye anwani ya umma ni mlango wa pili wa kuingilia ambao hakuna anayeuhitaji, isipokuwa anayetaka kukikwepa kisawazisha chako pamoja na vichujio ulivyokiwekea.

Wengine watakuambia lazima kila tabaka liwe na sabneti zake la sivyo matabaka hayajatenganishwa. Siafikiani nao, na sababu iko kwenye jedwali lenyewe. Itazame ile njia ya `local` iliyomo katika kila jedwali. Hiyo inawekwa na AWS yenyewe, huwezi kuifuta, na maana yake ni kwamba kila sabneti ina njia ya kufika kwenye kila sabneti nyingine ya mtandao huo. Hifadhidata yako kwenye `data-a` inafikika, kwa upande wa njia, hata kutoka `umma-b`. Jedwali la njia linaitenga na intaneti, haliitengi na majirani.

Kazi ya kutenganisha majirani ni ya makundi ya usalama, na uzuri wake ni kwamba kanuni inaweza kutaja kundi jingine badala ya anwani. Kwa hiyo unaunda mnyororo. Kundi la kisawazisha linapokea 443 kutoka kokote. Kundi la seva za wavuti linapokea 80 kutoka kwenye kundi la kisawazisha tu. Kundi la seva za programu linapokea 8080, au poti yoyote unayotumia, kutoka kwenye kundi la wavuti tu. Kundi la hifadhidata linapokea 5432 kama ni PostgreSQL, kutoka kwenye kundi la programu tu. Seva ya wavuti na ya programu zinaweza kukaa sabneti moja, na bado ya wavuti isiweze kuigusa hifadhidata. Seva zikiongezeka au zikibadilishwa, anwani zake mpya hazikuhusu, kwa kuwa kanuni inafuata kundi.

Zile orodha za udhibiti za kiwango cha sabneti, `Network ACL`, ziache kama zilivyo hadi uwe na sababu maalumu. Hazikumbuki mazungumzo kama makundi ya usalama yanavyofanya, hivyo ukiruhusu ombi liingie inabidi uruhusu na jibu litoke kwenye poti za muda, 1024 hadi 65535. Anayesahau hilo hujikuta na mtandao ambao njia zake ni sahihi na makundi yake ni sahihi, lakini hakuna kinachojibu.

Kuhusu NAT mbili, najua swali linalofuata ni gharama, kwa kuwa kila lango linatozwa kwa saa na kwa kila gigabaiti inayopita. Lango la NAT la aina hii linakaa kwenye kanda moja. Ukiwa nalo moja tu kanda A, na kanda A ikaanguka, seva zako za kanda B zitakuwa zima lakini haziwezi kutoka nje. Umelipia kanda mbili ukapata nusu ya faida yake. Zaidi ya hapo, trafiki ya kanda B inayovuka kwenda NAT ya kanda A hutozwa ada ya kuvuka kanda. Kwa mazingira ya majaribio NAT moja inatosha na singekusumbua. Kwa mfumo unaotumiwa na wateja, weka mbili.

Hapa kuna jambo litakalokusaidia siku ya hitilafu. Ombi la mtumiaji halipiti kwenye NAT. Linaingia kwa lango la intaneti, linafika kwenye kisawazisha, linakwenda kwa seva kupitia njia ya `local`, na jibu linarudi hivyohivyo. NAT inahusika tu pale seva zako zinapoanzisha mazungumzo na nje: kupakua masasisho, kuita huduma ya malipo, kutuma ujumbe mfupi. Kwa hiyo NAT ikifa, tovuti inaendelea kufunguka vizuri, kurasa zinakuja, watu wanaingia kwenye akaunti zao, halafu malipo yanakwama au ujumbe wa uthibitisho haufiki. Timu itakesha ikichunguza msimbo. Ukikuta hitilafu zote ziko kwenye maombi ya kutoka na hakuna hata moja kwenye maombi ya kuingia, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la tabaka la programu. Kama mtu amefuta lango la NAT, ile njia itabaki ndani ya jedwali ikiwa na hali ya `blackhole`.

Je, hifadhidata isiyo na njia ya nje itasasishwaje? Kama unatumia huduma ya RDS, kazi hiyo inafanywa na AWS kwa njia zake na haitegemei majedwali yako. Unachotakiwa ni kuipa RDS kundi la sabneti lenye `data-a` na `data-b`, kwani hudai kanda mbili. Kama umesimika hifadhidata mwenyewe juu ya seva ya kawaida, hapo utahitaji njia ya kupata vifurushi, na itabidi sabneti za data ziwe na majedwali mawili yanayoelekea NAT kama ya programu. Mimi ningechagua ya kwanza kila inapowezekana. Jedwali lenye mstari mmoja halina kosa la kujificha ndani yake.

Katika marekebisho, panga kuongeza kitu kimoja kisicho na ada: mlango wa aina ya `Gateway` wa kwenda S3, hifadhi ya faili ya AWS. Ukiuunganisha na `rt-prog-a` na `rt-prog-b` yakishaundwa, AWS itaongeza kwenye majedwali hayo njia inayoanza na `pl-`, ambayo ni orodha ya anwani za S3 katika eneo hilo. Rauta huchagua njia mahususi zaidi inayolingana na anwani, kwa hiyo faili zinazokwenda S3 zitafuata njia hiyo na kuiacha `0.0.0.0/0`. Kama programu yako huhifadhi picha au nakala za akiba huko, gigabaiti hizo zote zinaondoka kwenye bili ya NAT.

Marekebisho yenyewe yafanye kwa mpangilio huu, ili seva zisikose njia katikati ya kazi. Anza na hifadhidata, kwa sababu ndiyo iliyo wazi. Unda `rt-data`, usiongeze chochote, kisha uunganishe sabneti zake mbili. Hatua hiyo haikati mawasiliano kati ya programu na hifadhidata, kwani `local` ipo.

Halafu unda NAT mpya, moja kwa kila sabneti ya umma. Kila moja inahitaji anwani yake ya umma ya kudumu.

```
aws ec2 allocate-address --domain vpc
aws ec2 create-nat-gateway \
  --subnet-id SABNETI_UMMA_A --allocation-id EIPALLOC_A
```

Subiri hadi zionyeshe `available`, ndipo uunde `rt-prog-a` na `rt-prog-b` na kuwekea kila moja njia yake:

```
aws ec2 create-route --route-table-id RT_PROG_A \
  --destination-cidr-block 0.0.0.0/0 --nat-gateway-id NAT_A
```

Unganisha `prog-a` kwanza, uipime, ndipo uguse `prog-b`. Dakika utakapobadilisha, miunganisho ya kutoka nje iliyokuwa wazi itakatika na programu italazimika kuifungua upya, kwa hiyo chagua saa yenye shughuli chache. Kama kuna mshirika wa nje anayeruhusu anwani zako kwa orodha, mpe anwani mbili za NAT mapema, zote mbili, si moja.

Kupima ni rahisi. Ingia kwenye seva ya programu ya kanda A na uandike:

```
curl -s https://checkip.amazonaws.com
```

Jibu linatakiwa liwe anwani ya umma ya `nat-a`. Likija la anwani ya seva yenyewe, bado uko kwenye jedwali la zamani. Likija la `nat-b`, umeunganisha sabneti na jedwali lisilo lake, kosa ambalo halitaonekana hadi siku kanda moja itakapoanguka. Usipopata jibu kabisa, hakikisha NAT iko kwenye sabneti ya umma na `rt-umma` ina njia ya lango la intaneti.

Kisha uliza AWS yenyewe jedwali la kila sabneti lina njia zipi:

```
aws ec2 describe-route-tables \
  --filters Name=association.subnet-id,Values=SABNETI \
  --query "RouteTables[].Routes[]"
```

Ukipata mabano matupu usidhani sabneti haina njia. Maana yake haijaunganishwa na jedwali lolote kwa kutajwa, hivyo inatumia jedwali kuu la mtandao, lile lililozaliwa pamoja nao. Na hapa kuna mtego: mtu akiweka njia ya lango la intaneti kwenye jedwali kuu, kila sabneti mpya itakayoundwa bila kuunganishwa itazaliwa ikiwa ya umma. Jedwali kuu liache na `local` peke yake na usiunganishe sabneti yoyote nalo. Atakayesahau kuunganisha sabneti mpya ataona seva zake hazitoki nje, atauliza, na kosa litarekebishwa mchana kweupe.

Vipimo vikikubali katika kanda zote mbili, ondoa anwani za umma kwenye seva za programu, na zima `Auto-assign public IPv4 address` kwenye sabneti za programu na za data. Kama seva zinazaliwa na kikundi kinachojipanua chenyewe, angalia pia kiolezo chake, kwa sababu mpangilio ulioandikwa kwenye kiolezo unashinda ule wa sabneti, na seva ya kesho itazaliwa na anwani uliyoiondoa leo. Mwisho futa lile lango la NAT la zamani na uachilie anwani yake. Tangu Februari 2024 AWS hutoza kila anwani ya umma ya IPv4, iwe inatumika au imekaa bure.

Kisha weka seva ndogo ya muda ndani ya `data-a`, uendeshe `curl` ileile ikiwa na `--max-time 10`, na uiache hadi muda uishe. Kuingia humo pita kwenye seva ya programu, kwa kuwa kwa njia nyingine hutafika. Ikishindwa kupata jibu, ifute. Tabaka la hifadhidata limefungwa kama ulivyotaka.